Tangazo Lililosomwa kwa Namna Nne: Kisa cha Ratiba Mpya ya Mazoezi ya Kwaya

Kwaya ninayoitumikia kama katibu ina waimbaji 36. Wakati wa kisa hiki 17 kati yao walikuwa bado shuleni, na 19 walikuwa wamekwisha kumaliza shule, wengi wao wakiwa kazini. Ratiba ya mazoezi, yaani Jumanne na Alhamisi kuanzia saa 10:30 jioni hadi saa 12:30 jioni, ilipangwa miaka kadhaa nyuma, kwaya ilipokuwa ya wanafunzi karibu watupu. Wanafunzi wale walikua, wakaajiriwa, wakabaki kwaya, na ratiba ikabaki vilevile. Tulipoamua kuibadilisha tulifanya kazi nzuri katika kupanga na kazi mbaya katika kutangaza, na ni hilo la pili hasa ninalotaka kulieleza kwa kirefu, kwa kuwa nimeona viongozi wengi wa kwaya na vikundi vya vijana wakitumia jitihada zote katika ratiba yenyewe, kisha wakaitangaza kwa mistari miwili wanayoiandika usiku wakiwa wamechoka.

Nianze na jinsi tulivyojua kwamba ratiba ya zamani haifai. Daftari la mahudhurio lilikuwa halisemi lolote, maana lilionyesha jina na alama ya kuhudhuria tu, na aliyefika saa 10:30 aliandikwa sawa na aliyefika saa 12:15. Mwalimu wa kwaya alilalamika kwamba hawezi kuunganisha wimbo, nami nikimfungulia daftari naona waimbaji 30 wamehudhuria. Kwa mazoezi manne mfululizo nikakaa mlangoni na kuandika saa ya kuingia na saa ya kutoka ya kila mtu. Ukweli ukajitokeza: muda mrefu zaidi ambao sauti zote nne zilikuwa ukumbini kwa pamoja, kila sauti ikiwa na angalau nusu ya watu wake, ulikuwa dakika 25. Katika saa mbili za mazoezi, kwaya yetu ilikuwa kwaya kwa dakika 25 tu. Muda uliobaki sauti ya kwanza na ya pili walikuwa wakirudia walichokwisha kukijua huku wakiwasubiri wenzao.

Hatukuwauliza waimbaji siku gani inawafaa. Swali hilo, likiulizwa mbele ya mwenyekiti na mwalimu, hujibiwa kwa adabu, na vijana wengi husema "siku yoyote tu" kisha wasifike. Badala yake viongozi wa sauti walimwuliza kila mtu mambo matatu: unatoka kazini au shuleni saa ngapi, unaweza kufika ukumbini saa ngapi, na ni lazima uwe umeondoka saa ngapi ili ufike nyumbani kwa wakati unaoruhusiwa. Majibu ya maswali haya ni saa za kweli, hayana nafasi ya kumpendeza mtu.

Majibu yalipowekwa pamoja, picha ilikuwa wazi na si ya kufurahisha. Wanafunzi waliweza kufika saa 10:15 jioni, lakini wazazi walitaka wawe nyumbani kabla ya saa 1:00 usiku, hivyo walihitaji kuondoka saa 12:00. Wafanyakazi wengi walitoka kazini saa 11:00 na kufika kati ya saa 12:00 na saa 12:20. Kwa maneno mengine, wakati kundi moja linaingia, jingine linatoka. Hakuna siku ya kazi ambayo ingeweza kutupa mazoezi ya pamoja, hata tungeigeuza ratiba namna gani. Kabla ya hapo kila mmoja wetu alikuwa na hakika kwamba ipo siku inayofaa, ila hatujaipata.

Uamuzi ukawa kuacha kulazimisha mazoezi ya pamoja katikati ya wiki. Tukachukua siku moja ya kazi na kuigawa katika vipindi viwili vya saa moja na nusu, na Jumamosi alasiri tukaiweka kwa ajili ya mazoezi ya pamoja ya saa mbili na nusu. Kila mwimbaji angepata saa nne kwa wiki, zilezile alizokuwa nazo kwa makaratasi hapo awali. Siku ya kazi tuliyoichagua ni Jumatano, kwa sababu wanafunzi sita wa darasa la mtihani walikuwa na masomo ya ziada Jumatatu, Jumanne na Alhamisi, na Ijumaa ndiyo siku ambayo wafanyakazi hucheleweshwa zaidi wakifunga kazi za wiki. Mgawanyo huu ulitusaidia pia kwa upande wa sauti: kati ya wanafunzi 17, 13 walikuwa wa sauti ya kwanza na ya pili, ilhali sauti ya tatu na ya nne zilikuwa na wafanyakazi wengi zaidi. Kipindi cha kwanza kwa hiyo kingekuwa kwa sehemu kubwa mazoezi ya sauti za juu, na cha pili kingezipa sauti za chini nafasi ambayo hazikuwa nayo.

Ratiba ilikuwa imekamilika na ilikuwa nzuri. Jumapili usiku, tarehe 25 mwezi wa pili, nikaandika kwenye kundi letu la wasapu maneno haya: "Ndugu wanakwaya, kuanzia wiki ijayo mazoezi yatakuwa Jumatano kwa makundi na Jumamosi kwa pamoja. Jumatano wanafunzi 10:30, wafanyakazi 12:15. Jumamosi saa 9. Tuzingatie muda." Watu 20 hivi wakajibu "sawa", nami nikalala nikiwa na amani.

Jumanne jioni, kama saa 11 kasoro, nilipigiwa simu na mama wa mmoja wa wasichana wa sauti ya pili. Alikuwa amempitishia bintiye sweta aliyoisahau nyumbani. "Katibu, niko hapa ukumbini," aliniambia. "Mlango umefungwa kwa kufuli, na watoto watano wamekaa kwenye ngazi wanaandika kazi zao za shule. Wanasema wanawasubiri. Mnakuja?" Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kumwomba radhi na kumsihi awaambie warudi nyumbani. Watoto wale hawakukosea. Tangazo langu lilisema mazoezi yatakuwa Jumatano na Jumamosi, lakini halikusema popote kwamba Jumanne na Alhamisi zimefutwa, na wao walielewa kwamba siku zimeongezwa, jambo ambalo katika kwaya inayokaribia onyesho ni la kawaida kabisa. Isitoshe, lilisema "wiki ijayo", na ujumbe uliotumwa Jumapili unaweza kuwa na wiki ijayo mbili: kwa anayeanza kuhesabu wiki Jumatatu, wiki ijayo inaanza kesho, kwa anayeiona Jumapili kuwa siku ya kwanza, wiki hii ndiyo kwanza imeanza, na ijayo iko mbele siku saba.

Jumatano walifika wanafunzi 12 na wafanyakazi tisa. Miongoni mwa waliokosekana, watatu hawakujua wamo kundi gani. Wawili walikuwa wanafanya kazi mchana na kusoma chuoni jioni baadhi ya siku. Wa tatu alikuwa amemaliza shule na bado anatafuta kazi, na nilipozungumza naye niligundua kwamba neno "wafanyakazi" lilikuwa limemuumiza, kwa kuwa aliona kwamba katika mgawanyo wetu hana mahali. Sikulifikiria hilo hata kidogo nilipokuwa nikiandika.

Jumamosi ikaleta la nne. Saa 3 asubuhi waimbaji watatu walifika ukumbini, na mmoja wao akapiga picha ya mlango na kuituma kundini. Walikuwa wameingiza "9" kwenye kengele za simu zao, na simu inaposoma 9:00 ni saa 3 asubuhi. Sisi tunaotumia Kiswahili tunaishi na hesabu mbili za saa kwa wakati mmoja: ulimi unasema saa 9 alasiri, kioo cha simu kinasema 15:00, na kijana anayepanga siku yake yote kwa simu hulazimika kutafsiri. Palipoandikwa "alasiri" hutafsiri vizuri. Palipoachwa tarakimu peke yake, hubahatisha. Kwa Jumatano hatari ilikuwa kubwa zaidi, maana "12:15" inaweza kusomwa kuwa saa sita na robo mchana, wakati ambao hakuna mwimbaji wetu anayeweza kuondoka kazini, na pengine ndiyo maana baadhi yao hawakuuliza, wakaona tu kwamba kwaya imewaacha.

Alasiri hiyo tulikuwa 22. Baada ya mazoezi viongozi tulibaki, na uamuzi wa kwanza tuliofikia ulikuwa mgumu kwangu kuukubali, ingawa ulikuwa sahihi: tusirekebishe tangazo la kwanza kwa ujumbe wa nyongeza. Marekebisho yanayotumwa vipandevipande humwacha msomaji akikusanya ratiba kutoka katika jumbe nne, na anayejiunga na mazungumzo katikati huishika ile aliyoiona mwisho. Tuliamua kulifuta tangazo lote, kurudi kwenye ratiba ya zamani kwa wiki moja ili kila mtu awe mahali pamoja, kisha kuanza upya kwa tarehe inayotajwa wazi. Tangazo jipya lilitumwa Jumapili tarehe 4 mwezi wa tatu, siku kumi kabla ya ratiba kuanza. Ninalinakili hapa kama lilivyokuwa, isipokuwa orodha ya majina:

> TANGAZO LA RATIBA MPYA YA MAZOEZI
>
> Ndugu wanakwaya na wazazi, tangazo la ratiba lililotumwa tarehe 25 mwezi wa pili limefutwa. Tafadhali fuateni hili.
>
> Ratiba ya zamani inaendelea hadi Alhamisi, tarehe 8 mwezi wa tatu. Baada ya siku hiyo hakutakuwa na mazoezi Jumanne wala Alhamisi, na ukumbi utakuwa umefungwa siku hizo.
>
> Ratiba mpya inaanza Jumatano, tarehe 14 mwezi wa tatu.
>
> Jumatano, kipindi cha kwanza: saa 10:30 jioni hadi saa 12:00 jioni (kwenye simu 16:30 hadi 18:00).
>
> Jumatano, kipindi cha pili: saa 12:15 jioni hadi saa 1:45 usiku (kwenye simu 18:15 hadi 19:45).
>
> Kila mmoja anahudhuria kipindi kimoja tu cha Jumatano. Jina lako limo katika orodha iliyo hapa chini.
>
> Jumamosi, wote kwa pamoja, kuanzia tarehe 17 mwezi wa tatu: saa 9:00 alasiri hadi saa 11:30 jioni (kwenye simu 15:00 hadi 17:30).
>
> Ambaye kipindi alichopangiwa hakimfai amwambie kiongozi wa sauti yake kabla ya Jumamosi, tarehe 10 mwezi wa tatu.
>
> Ratiba hii itapitiwa upya Jumamosi, tarehe 14 mwezi wa nne.

Tangazo hili ni refu, na mmoja wa viongozi alihofia kwamba vijana hawatalisoma. Nadhani urefu si tatizo pale ambapo kila mstari unamwambia mtu kitu atakachokifanya au kutokifanya. Nililoliondoa ni maneno ya heshima na mawaidha, kama lile "tuzingatie muda", ambalo lilichukua nafasi bila kumwambia mtu ni muda gani. Kinachofutwa kimetangulia kinachoanza, kwa sababu mtu huishi ndani ya ratiba ya zamani anaposoma, na asipoambiwa kwamba imekoma ataendelea nayo. Vipindi haviitwi tena vya wanafunzi au vya wafanyakazi, wala havimgawi mtu kwa kazi yake au shule yake. Kijana yule anayetafuta kazi aliliona jina lake katika kipindi cha pili, kati ya waimbaji wenzake wa sauti ya nne, na hilo likatosha.

Wazazi wametajwa katika mstari wa kwanza kwa makusudi. Wengi wa wanafunzi wetu hawana simu zao wenyewe, na hata wenye simu hawawezi kuamua peke yao kurudi nyumbani saa moja usiku. Kwa kila mwanafunzi tulichapisha tangazo lilelile kwenye karatasi, likiwa limewekewa alama kwenye kipindi chake, na karatasi hiyo ikapelekwa nyumbani. Mstari unaosema kwamba ukumbi utakuwa umefungwa Jumanne na Alhamisi uliandikwa kwa ajili ya wazazi zaidi kuliko waimbaji. Mzazi anayejua kwamba siku hizo hakuna mazoezi anajua pia kwamba mtoto anayeaga Alhamisi kuwa anakwenda kwaya haendi kwaya, na sisi hatuwezi kubeba dhamana ya saa ambazo hatuna mtoto mikononi mwetu.

Kisha lilikuwapo suala la neno "sawa". Mara ya kwanza nilizihesabu "sawa" 20 na kuzichukulia kuwa watu 20 wameelewa, ingawa baadhi ya waliokaa kwenye ngazi Jumanne walikuwa miongoni mwao. Neno hilo linathibitisha kwamba ujumbe umefika, basi. Mara hii viongozi wa sauti waliwaomba watu wao warudishe kwa maneno yao siku na saa watakazohudhuria, kila mmoja kwa kiongozi wake na si kundini, ili asiige jibu la mwenzake. Majibu kama "Jumatano kumi na nusu jioni, Jumamosi tisa alasiri" yalipokelewa. Majibu mawili yalikuwa na makosa, moja likiweka vipindi vyote viwili vya Jumatano, nayo yakasahihishwa papo hapo kabla hayajageuka kuwa safari ya bure. Kufikia Ijumaa tarehe 9 walikuwa wamejibu 29. Saba waliobaki walipigiwa simu au kutembelewa, na ikaonekana kwamba mmoja alibadilisha namba miezi miwili nyuma na wala hakuwamo tena katika kundi.

Tangazo lilisomwa pia kwa sauti Jumanne tarehe 6 na Alhamisi tarehe 8, mwishoni mwa mazoezi, wakati ambao wafanyakazi walikuwa wamekwisha kufika. Kabla ya hapo tulikuwa na desturi ya kutangaza mwanzoni, mbele ya wanafunzi peke yao, na wafanyakazi walipata habari kwa kusimuliwa.

Jumatano tarehe 14 kipindi cha kwanza kilikuwa na watu 16 kati ya 17, na cha pili 15 kati ya 19. Jumamosi tarehe 17 tulikuwa 32, na 28 kati yao walikuwa wamekaa mahali pao saa 9:00 kamili. Kwa mara ya kwanza katika kipindi kirefu mwalimu aliuimba wimbo mzima na sauti zote nne ndani ya robo saa ya kwanza.

Hata hivyo mgawanyo wa Jumatano ulikuwa na gharama ambayo hatukuitabiri, na anayetaka kuufuata aijue mapema. Wanafunzi waliojifunza bila sauti ya nne chini yao walikuwa wakipanda kidogo kidogo kutoka kwenye ufunguo wa wimbo, na wafanyakazi, wakiimba jioni wakiwa wamechoka, walizoea mwendo wa polepole. Jumamosi ya pili makundi mawili yaliingia katika wimbo mmoja yakiwa na mwendo tofauti, na dakika 20 zilipotea katika kuyapatanisha. Mwalimu alianza kurekodi kwenye simu noti ya kuanzia na mwendo wa kinanda kwa kila wimbo, na rekodi hiyohiyo ikawa inapigwa mwanzoni na mwishoni mwa vipindi vyote viwili. Anayetaka kujua kama kundi limepanda huisikia tofauti mara moja rekodi inaporudiwa mwishoni.

Waimbaji wanne wanaofanya kazi kwa zamu hatukuweza kuwapatia ratiba. Zamu zao hupangwa mwezi kwa mwezi na hakuna siku ya wiki inayobaki yao. Tulikubaliana kwamba kila mmoja humletea kiongozi wa sauti ratiba yake ya zamu mara anapoipata, anahudhuria kipindi chochote cha Jumatano kinachomruhusu, na anapokosa Jumamosi anatumiwa rekodi ya sauti yake. Anayekosa Jumamosi mbili mfululizo kabla ya onyesho haimbi katika onyesho hilo. Mmoja wao aliliona sharti hilo kuwa kali, na namwelewa, lakini hatukupata njia nyingine ya kuwatendea haki waliofika kila wiki.

Siku ya mapitio ilipofika, tarehe 14 mwezi wa nne, nilikuwa tena na daftari lenye saa za kuingia. Wanafunzi sita wa darasa la mtihani waliondolewa katika vipindi vya Jumatano hadi mitihani yao iishe, wakabaki na Jumamosi, na wazazi wao wakaandikiwa. Katika kipindi cha pili, watu saba kati ya 19 walikuwa wakifika kila wiki kati ya saa 12:20 na saa 12:30, tena wakikimbia, kwa hiyo tulikisogeza kwa robo saa. Tangazo la mabadiliko hayo lilianza hivi: "Kipindi cha kwanza cha Jumatano na mazoezi ya Jumamosi havibadiliki. Kinachobadilika ni kipindi cha pili cha Jumatano: kuanzia tarehe 18 mwezi wa nne hakitaanza saa 12:15 jioni, kitaanza saa 12:30 jioni (kwenye simu 18:30) na kumalizika saa 2:00 usiku (kwenye simu 20:00)."